Mtoto amekufa kwa degedege: nani ana kesi?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlitoa barua za wasomaji waliotaka kila mzazi aliyechelewa kumpeleka mtoto hospitali ashtakiwe kwa mauaji. Hapa Ujiji maneno ni hayo hayo, tena makali zaidi yakinogeshwa na kahawa. Niliwahi kukaa mzee wa baraza kwenye mashauri ya mauaji huko Tabora, na ningependa kuonyesha kwamba shauri la namna hii haliishi kwenye hasira.

Nichukue mfano wa kutunga, ila hamna ndani yake kitu ambacho hatujakiona. Mama amepanda Kalinzi kuchuma kahawa, amemwacha mtoto wa miaka minne kwa mama yake mdogo hapa mjini na kumwachia hela ya matumizi. Baba ni mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Jumatatu mtoto anachemka, mama mdogo anampa panado. Jumanne anacheza uani. Jumatano usiku macho yanapinda juu, mikono inakakamaa. Jirani anakuja mbio, anasema hii ni malaria imepanda kichwani, twende hospitali sasa hivi, bodaboda nalipa mimi. Mama mdogo anakataa. Anasema degedege halitaki sindano, mtoto akichomwa atakufa. Anamfukiza majani hadi alfajiri. Alhamisi saa tatu mtoto anafariki.

Swali la kwanza mahakamani si nani alikosea. Ni nani alikuwa na wajibu. Kwa kawaida sheria yetu ya jinai haimwadhibu mtu kwa kukaa tu bila kutenda. Mpita njia anayemwona mtoto wa mwenzake anazama ziwani, akaenda zake, ni mtu wa hovyo, lakini kwa hilo peke yake hajawa muuaji. Kutotenda kunageuka kosa pale ambapo sheria ilishakutwika mzigo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 206, inamtwika mzigo wa kutoa mahitaji ya lazima ya maisha kila mtu aliye na uangalizi wa mwingine asiyeweza kujitoa kwenye uangalizi huo wala kujipatia mahitaji hayo mwenyewe, awe amechukua uangalizi huo kwa makubaliano, kwa sheria au kwa kitendo chake mwenyewe. Kifungu cha 207 kinamtwika mkuu wa kaya kwa kila mtoto wa chini ya miaka 14 anayeishi kwake. (Nafuata namba za toleo la 2022.) Kwa hiyo mama mdogo hawezi kusema "si mwanangu". Alipompokea yule mtoto na kijibegi chake, alipokea na wajibu.

Je, matibabu ni hitaji la lazima? Sheria ya Mtoto ya 2009 haikuacha ubishi: imeyataja matibabu pamoja na chakula, malazi na mavazi.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia hukumu, na hapo ndipo kazi inapoanza. Kifungu cha 195 kinasema kuua bila kukusudia kunaweza kutokana na kutotenda, lakini kutotenda huko kuwe uzembe wa kustahili adhabu katika wajibu wa kulinda uhai au afya. Uzembe huo si kosa dogo la kawaida. Panado ya Jumatatu haimfungi mtu. Nusu ya wazazi wa mkoa huu tungekuwa ndani. Kinachopimwa ni saa zile za Jumatano usiku, mtoto ameshakakamaa, jirani ameshasema, usafiri umeshapatikana bure. Pale mama mdogo hakukosa uwezo wala taarifa.

Atajitetea kwamba aliamini majani. Utetezi huo mahakama ziliusikia zamani. Uingereza mwaka 1899, katika kesi ya Senior, baba wa dhehebu lililokataa dawa alitiwa hatiani kwa kifo cha mwanawe ingawa imani yake ilikuwa ya kweli na alimpenda mtoto wake. Imani haikumpunguzia wajibu. Lakini kwa mama mdogo wetu imani ina kazi nyingine kubwa: inamwondoa kwenye kuua kwa kukusudia. Ili iwe kukusudia, upande wa mashtaka uonyeshe alijua kwamba kutomtibu huenda kutamuua au kumdhuru vibaya, akaacha tu, hata kama ni kwa kutojali. Mtu aliyekesha anafukiza majani akilia hafanani na mtu huyo. Kesi ya Gibbins na Proctor ya 1918 ndiyo sura ya pili: baba na mwanamke aliyeishi naye waliacha binti wa miaka saba afe kwa njaa nyumbani, wakati ndugu zake wengine walikuwa wanakula vizuri. Hao walihukumiwa kwa mauaji, na hakuna aliyehitaji kuthibitisha pigo hata moja.

Sasa tuje kwenye jambo linalovunja kesi nyingi, nalo wasomaji wenu hawakuligusa kabisa. Je, angepelekwa Jumatano usiku, angepona? Huko huko Uingereza mwaka 1882, katika kesi ya Morby, mtoto alikufa kwa ndui bila baba yake kumwita daktari. Daktari aliyetoa ushahidi aliweza kusema tu kwamba tiba ingeweza kumsaidia, si kwamba ingemsaidia kweli. Hatia ya kuua ikafutwa. Huku kwetu mtoto huzikwa kabla ya jua kuzama, hajapimwa malaria, hajafanyiwa uchunguzi wa mwili. Miezi sita baadaye daktari anasimama kizimbani hana hata karatasi moja ya kushika. Wakili wa utetezi anamuuliza swali moja tu: unajua kwa hakika alikufa kwa nini? Tuliwahi kutazamana wazee wa baraza wote, hakuna aliyetaka kunena kwanza.

Shaka hiyo ikibaki, kosa la kuua linaondoka, lakini kutomhudumia mtoto kunabaki. Chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Mtoto adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mtu ataona ni ndogo mbele ya kaburi. Mimi naona ni bora kosa dogo lililothibitika kuliko kubwa linaloporomoka.

Na wengine? Baba alikuwa ziwani, simu haishiki. Asiyejua mtoto anaumwa huwezi kumdai uzembe wa usiku ule. Angepigiwa Jumanne akasema "subirini nirudi na dagaa", ningemtazama kwa jicho jingine. Mama wa Kalinzi alimwacha mtoto kwa mtu mzima mwenye akili zake, na hela akamwachia. Umaskini nao una sehemu yake: kosa la kumnyima mtoto chakula na mavazi katika kifungu cha 167 linamhusu mwenye uwezo aliyekataa, si fukara aliyekosa.

Anabaki jirani. Hakuwa na uangalizi wa mtoto, hivyo kifo si chake. Lakini kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote anayejua kwamba mlezi mwenye uwezo anamnyima mtoto matibabu atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Yule jirani aligombana, akasusa, akarudi kulala. Nyumba ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa ya tatu kutoka kwake.

Mzee wa baraza mstaafu,
Ujiji, Kigoma