Kwako wa kitanda cha juu

Longido, Jumapili jioni

Mwenzangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, watoto wazima, ila vumbi limetumaliza. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka na najua unavyoniita mbele za watu. Basi niite tu, lakini soma hadi mwisho maana nina shida nawe.

Kuna mtoto ananinyima usingizi. Si mgonjwa, na hilo ndilo linalonikera: mzima kabisa, mnene, ana miezi 11, anacheka na kila mtu. Hajapata chanjo ya surua. Nilifika kwao nikiwa na kibebeo begani, nikaondoka bila kumchanja.

Unakumbuka ratiba yetu ya mkoba, ya kupeleka chanjo vitongojini, ilivyo, kwa kuwa uliikuta hivyo na ukaiacha hivyo. Tunaondoka saa 1:30, tunafika chini ya mgunga saa 3 na ushei, tunatandika meza, tunapima uzito, tunachanja hadi foleni iishe, halafu mchana ndiyo tunazunguka maboma kuwatafuta walioacha. Siku ile mtoto wa kwanza wa surua alikuja mapema, nikafungua kichupa saa 3:40. Dozi 10. Kufika saa 7 nilikuwa nimetumia 7, nikajisemea hizi 3 zilizobaki ni za maboma, mambo safi. Unaijua sheria: ukishaichanganya chanjo na maji yake una saa 6, basi, kwa sababu haina kihifadhi na mdudu akiingia mle anastawi. Kwa hiyo mwisho wangu ulikuwa saa 9:40.

Boma la kwanza, chai. La pili mama hayupo, kaenda lamboni na punda, tukasubiri. La tatu bibi akataka kwanza nimsikilize goti lake, nami siwezi kumruka bibi nikamshike mjukuu. Tukafika kwa yule mtoto saa 9:50.

Mzee wetu wa usukani akaangalia saa, akaniangalia mimi. "Sista, dakika kumi tu." Nikakitupa kwenye boksi. Nilikuwa na kichupa kingine kizima, usidhani mimi mjinga, ila maji yake ya kuchanganyia yalikuwa yamepasuka mle njiani kwenye makorongo. Kichupa kipo, maji hakuna, na maji ya sindano nyingine huwezi kuyatia humo. Mama wa watu alikuwa ameacha kwenda majini tangu asubuhi kwa sababu mhudumu wetu wa jamii alimwambia tunakuja. Asubuhi yote, unanielewa? Kakaa anatusubiri, nami nakuja alasiri kumwambia "wiki nne zijazo". Hakugomba. Alinipa kibuyu cha maziwa.

Sasa nikaenda nyumbani nikachukua kitabu cha safari cha gari, nikakaa nacho kama mhasibu. Siku ya kazi tunaihesabu saa 8. Safari ya kwenda na kurudi inakula zaidi ya saa 3, nami sizungumzii Gelai, nazungumzia karibu. Kupanga na kupangua meza, nusu saa na nusu saa. Foleni saa 3. Kinachobaki kwa maboma ni kama saa moja, na humo tunaandika kwenye mpango kwamba tutatembelea kaya 6! Kaya moja ukiingia kwa heshima, ukaamkia, ukaangalia kadi za watoto wote na si yule mmoja tu uliyemfuata, ukapima mkono wa mdogo kwa utepe, ukachanja, ukakaa kidogo kuona mtoto hajabadilika, ni dakika 25. Chai ikiwa tayari jikoni. Ikiwa haijabandikwa, kazi unayo. Kutoka boma moja hadi jingine weka 10. Kwa hiyo saa moja ni kaya 2, na hizo nyingine 4 tunazipeleka mwezi ujao kila mwezi, halafu kwenye taarifa tunaziita "wazazi wasiofuatilia".

Wazazi wenyewe wana saa zao. Alfajiri wanakamua. Ng'ombe wakishatoka wanakuwa nyumbani kidogo, hadi kama saa 4, halafu maji na kuni, wanarudi saa 8 au 9 wamechoka. Sisi tunawaita mtini saa ileile wanayoondoka, na tunawafuata bomani saa ambayo hawajarudi. Miaka minne nafanya hivyo. Minne!

Basi nikageuza. Maboma kwanza, mti baadaye. Nilipomwambia Bosi alidhani natania. Lakini fuata hesabu hii, nawe unitafutie kosa lake, ndiyo maana nakuandikia.

Tunaondoka saa 12:30. Saa 2:10 tuko boma la kwanza, mama yupo, moto upo. Boma 4, kila moja dakika 25, katikati dakika 10, tunamaliza saa 4:20. Saa 4:35 tuko mtini, tunatandika, saa 5 tunaanza, saa 8 tunafunga. Wanawake wanaotoka lamboni wanapita hapohapo na punda wao, hawahitaji safari ya pili. Saa 10 jioni hivi tumerudi, jua lipo, na takwimu zinaandikwa na mtu ambaye bado ana akili.

Na kichupa kimekaa sawa chenyewe, hilo ndilo lililonifurahisha. Jumanne iliyopita nilikifungua boma la pili saa 2:50 kwa mtoto mmoja tu. Zamani moyo ungeniuma, dozi 10 kwa mtoto mmoja. Lakini saa yangu ilikwenda hadi saa 8:50, na mti wote ulikuwa mbele yangu badala ya kuwa nyuma. Dozi 9 zilizobaki zikamalizwa na foleni kabla ya saa 7, nikafungua kingine. Ukianza na foleni, mabaki yanakimbizana na saa kwenda kwa watu wachache waliotawanyika. Ukianza na waliotawanyika, mabaki yanakwenda kwenye watu wengi waliokaa pamoja. Kitu chepesi hivi, sijui tulikuwa wapi. Chanjo za penta na polio hazikunipa shida tangu mwanzo, hizo zilizofunguliwa zinaweza kurudi zikatumika siku nyingine kama baridi ilitunzwa. Ni surua na BCG ndizo zinazotembea na saa mkononi.

Usinipigie makofi bado. Kuondoka saa 12:30 maana yake pakiti za barafu. Unajua siwezi kuzitoa zimeganda nikazipanga moja kwa moja, penta ikiganda imekufa. Lazima zikae mezani hadi ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani, na baridi la Longido alfajiri halina haraka. Kwa hiyo kuna mtu anaamka saa 10:30 usiku kuzitoa, na mtu huyo ndiye anayekuandikia. Halafu mafuta. Mafuta yanasainiwa ofisi ikifunguliwa saa 1:30, na anayesaini anafika anapofika. Mara mbili tumekaa kwenye gari tumefunga mikanda tukisubiri kalamu. Sasa nadai tujaze jana yake, naambiwa gari lililolala na tanki limejaa linatia shaka. Linamtia nani shaka? Mzee wa usukani naye anasema posho ni ileile ila usingizi umepungua. Ana haki, sikumbishia.

Tena mpango wenyewe unasimama juu ya orodha. Mhudumu wetu wa jamii lazima anitumie jioni yake majina ya kaya 4, kwa mpangilio wa njia na si wa kitabu, ili tusipite boma moja mara mbili. Mtandao kwake upo kilimani tu. Siku asipopanda kilima tunakwenda kwa kubahatisha, na kwa kubahatisha boma 4 zinakuwa 2. Siku ya mnada usijaribu kabisa, utakuta mbuzi wachanga na mbwa. Mvua zikija, korongo la kwanza likijaa hesabu yangu yote imekwisha, turudi kwenye pikipiki.

Nirudi kwa yule mtoto. Jumanne boma lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, niliweka mwenyewe. Nilibeba vichupa 3 na maji yake 3, nimeyafunga kwenye sponji kama mayai. Saa 2:10 tupo mlangoni. Kimya. Jirani akasema wamehama na ng'ombe kwenda ronjo, kambi ya malisho upande wa Gelai, siku tatu zilizopita. Malisho yameisha. Mama kaenda naye mgongoni.

Nimemwachia mhudumu wa upande ule ujumbe, jina la baba, alama ya ng'ombe wao. Bado hajajibu. Mtini tulichanja 14 wa surua siku hiyo, Bosi kafurahi, kapiga picha. Mimi nilikuwa natazama barabara ya Gelai.

Sasa shida yangu. Natakiwa nipeleke mpango wa robo ijayo kwa Mganga Mkuu, na nataka niandike utaratibu huu kwa vitongoji vyote 9, na vile vya mbali tulale hukohuko usiku mmoja badala ya kuchoma saa 5 barabarani. Watauliza nimeona wapi. Wewe huko Rufiji hamna barabara kabisa, mna boti na maji ya kujaa na kupwa, yaani siku yenu inapangwa na mwezi. Ninyi mna saa ya Mungu, mimi nina saa ya kichupa. Nilikuona likizo iliyopita una daftari lile la jalada jekundu umechora visiwa vyote na saa za kuondoka. Nipigie picha kurasa zake tafadhali, hata kwa mwandiko wako wa kuku.

Na unijibu haya: mnaanza nyumba au kituo? Maji ya bamvua yakiwakatia njia, mabaki ya surua mnayafanyaje? Mkilala kisiwani, barafu mnazigandisha wapi usiku, au mnabeba boksi kubwa la pili? Wavuvi wakihamia dago mnawafuata au mnawasubiri? Na aliyelala nje analipwa kweli, au naye anasubiri kalamu? Yule daktari wa miwani bado anakusumbua? Mama alipata miadi ya macho?

Jibu kabla ya Ijumaa, mpango unatakiwa Jumatatu. Saa 10:30 imenikaribia, nikalale.

Wako wa kitanda cha chini

Ujumbe umeingia sasa hivi wakati nakunja karatasi. Mhudumu wa Gelai anasema kuna ronjo mbili, kaenda moja, hawapo. Kesho anakwenda ya pili.