Barua ya kufunga muhula wa pili: niliyoyasema Siku ya Walimu

Moshi, Desemba

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wote

YAH: KUFUNGA SHULE, NA KUSOMA KWA WATOTO WA DARASA LA KWANZA NA LA PILI

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Tunafunga muhula salama, na ripoti ya mwanao imeambatanishwa na barua hii. Tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya ripoti. Mambo ya sare na michango ya chakula tuliyamaliza kwenye kikao, kwa hiyo sitayarudia hapa.

Nataka kutumia barua hii kuwaeleza niliyowaambia walimu tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani. Wachache kati yenu mlikuwepo. Wengi mlikuwa kazini, au sokoni Mbuyuni na Kiborloni, na baadaye mkaniuliza kwa nini mwalimu mkuu aliwasema walimu siku ya sikukuu yao. Sikuwasema. Nilisimulia jambo moja lililotupata darasa la pili, nikalifunga kwa methali tatu ambazo kila mmoja wetu alilelewa nazo.

Mwezi Julai niliingia darasa la pili wakati wa kipindi cha kusoma. Binti mmoja, mdogo kwa umbo na mwenye sauti nzuri, alisimama akasoma ukurasa mzima wa kitabu bila kukwama. Wenzake walimpigia makofi. Katika ripoti ya mwaka jana tulikuwa tumempa alama ya juu kabisa ya kusoma. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni silabi moja tu, "mo", nikamwomba anisomee. Alikaa kimya. Kisha nikaona midomo inacheza na kidole gumba kinagusa vidole vingine kimoja kimoja chini ya dawati: ma, me, mi, mo. Alipofika cha nne akainua uso na kusema, "Mo!" Alikuwa ameihesabu. Nilipoandika "ko", akaanza upya kutoka "ka". Nilipofunika picha kitabuni na kumwonyesha neno moja la katikati ya ukurasa ule ule aliousoma, hakulijua.

Mtoto yule hakuwa akisoma. Alikuwa ameukariri ukurasa kwa kuwasikia wenzake, na picha ilimkumbusha pa kuanzia.

Hapo ndipo methali ya kwanza iliponijia: *mtoto umleavyo ndivyo akuavyo*. Tumezoea kuitumia kuwasema wazazi, mtoto akitukana njiani tunauliza kalelewa na nani. Lakini yule binti tulimlea sisi. Tulimwimbisha ba be bi bo bu kila asubuhi kwa mwaka mzima, darasa zima kwa sauti moja, naye akakua kama tulivyomlea, akawa mwimbaji hodari wa silabi. Wimbo si mbaya. Unampa mtoto mdogo sauti za lugha na unamwondolea woga. Ubaya ni kuuacha uwe ndiyo kazi yote, maana katika wimbo herufi hazihitaji kutazamwa. Mtoto anaweza kuimba akiangalia dirishani.

Tuliamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili, mmoja mmoja, mlangoni pa ofisi yangu. Kipimo chenyewe ni chepesi, na naomba mkifanye nyumbani. Kwanza, silabi zilizochanganywa kwenye vipande vya karatasi: su, ke, mo, ba, ti. Mtoto anayejua husema mara moja, asiyejua huanza kunong'ona wimbo. Pili, maneno yasiyo na maana, kama "bopu", "tefo" na "nuso". Haya hakuna aliyewahi kuyasikia, kwa hiyo hayakaririki. Mtoto atayasoma kwa kuunganisha herufi, au hatayasoma. Tatu, sentensi fupi mbili, kisha swali juu yake. Ukiandika "Kuku wa bibi ametaga mayai. Paka anayatazama," mtoto akishamaliza muulize nani anatazama mayai.

Kipimo hiki cha tatu kilitufichulia kundi jingine ambalo hatukulitarajia. Walikuwepo watoto waliojua herufi zote lakini wakisoma polepole mno: ku-ku, wa, bi-bi, a-me-ta-ga. Walipofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake ulikuwa umeshawatoka kichwani, wakashindwa kujibu. Mzazi akimsikia mtoto huyu atasema anasoma, tena vizuri. Ukweli ni kwamba nguvu zake zote zimekwenda kwenye herufi, na hakuna iliyobaki kwa maana.

Methali ya pili niliyowaambia walimu ni *udongo uwahi ungali maji*. Yule binti tulimkuta darasa la pili, mwezi Julai. Angepita hadi darasa la nne, ambako kuna upimaji wa taifa na maswali yanasomwa kimyakimya kwenye karatasi, angekuwa ameshakauka: mwenye aibu, mjanja wa kunakili kwa jirani, labda mtoro. Ndiyo maana hatukungoja mwaka mpya.

Kila siku kabla ya mstarini, walimu wawili waliwachukua watoto hawa kwa dakika 15. Kwanza waliwarudisha kwenye sauti. Herufi m haikuitwa "ma" wala "em", ilikuwa ni ule mvumo wa midomo iliyofungwa. Kisha walianza na herufi nne tu: a, m, k, t. Mtu anaweza kudhani ni kidogo, lakini tazameni zinazaa nini: mama, kama, kata, taka, tamka, mkaa, mtama. Mtoto anaunganisha sauti mbili, anapata neno analolijua, na siku hiyo hiyo anaona kwamba maandishi yanasema kitu. Kadi zilikatwa kwenye maboksi ya biskuti na kuandikwa kwa maka peni. Zilichanganywa kila asubuhi kama karata ili wimbo usipate pa kushika.

Neno "mtama" lilitupa kazi kubwa. Watoto wengi walisoma "matama", kwa sababu katika wimbo m haiendi popote bila irabu. Ilibidi wafundishwe kwamba m inaweza kusimama peke yake kama silabi, na wakapiga kofi moja kwa kila silabi: m-ta-ma, makofi matatu. "Mkaa" lilikuwa na hila zaidi. Mtoto akilisoma "makaa" bado amesema neno halali, na mwalimu aliyechoka anapita bila kugundua kosa. Baada ya wiki kadhaa ndipo tulipoingia mb, nd, ny, na mwisho kabisa tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe", ambayo ile alama ndogo ya juu ndiyo inayoibeba.

Wale wasomaji wa polepole tuliwapa dawa tofauti: sentensi ile ile mara tatu, hadi itiririke kama mtu anavyozungumza, ndipo swali lifuate.

Methali ya tatu ndiyo iliyoleta minong'ono ukumbini: *mchelea mwana kulia hulia mwenyewe*. Najua wengi husikia fimbo ndani yake. Mimi sikumaanisha fimbo, na mtoto aliyechapwa kwa kutojua "mo" hatajifunza "mo" bali kumwogopa mwalimu. Nilimaanisha mambo mawili.

La kwanza ni huruma ya kumsomea. Mtoto anakwama kwenye neno, anakutazama, na wewe unamtajia haraka ili mwendelee. Kila ukifanya hivyo umemwondolea pale pale palipokuwa na somo. Walimu wetu walijizuia: hesabu hadi tano moyoni, kisha onyesha kwa kidole silabi iliyomkwamisha. Akishindwa tena, mpe sauti ya kwanza tu, yeye amalizie. Ni dakika ngumu, na yule binti aliwahi kulia. Mwalimu alimngoja anyamaze, akamrudishia kadi ile ile.

La pili linatuhusu sisi walimu na ninyi. Tuliwachelea ninyi kulia. Tuliandika alama nzuri kwenye ripoti kwa sababu darasa lilikuwa limejaa, muda ulikuwa mfupi, na mzazi aliyefurahi haji ofisini kugomba. Ripoti ile ya mwaka jana niliisaini mimi. Kwa hiyo mkiona safari hii alama ya kusoma imeshuka, msimpige mtoto. Mara nyingi hajarudi nyuma hata kidogo, ila tumempima kwa haki kwa mara ya kwanza.

Wiki ya mwisho ya Novemba tulipima tena. Yule binti alisoma "bopu" na "nuso" bila kunyanyua kidole, na swali la paka akalijibu kabla sijalimaliza. Wengi wa kundi lake wamevuka. Wanne hawajavuka. Wawili kati yao walikosa siku nyingi, na wazazi wao tumeshazungumza nao. Mmoja anakunja uso akitazama ubao na husoma kitabu akiwa amekigusisha pua. Huyo tatizo lake huenda si herufi, na tumemwomba mzazi ampeleke akapimwe macho, maana KCMC wana idara ya macho na ipo hapa hapa mjini. Wa nne bado hatujajua kinachomkwamisha. Tutaendelea naye Januari.

Sasa likizo. Najua wengi mnapanda nyumbani kwa Krismasi, Kibosho, Uru, Machame, Marangu na Rombo, na huko vitabu havitafunguliwa. Dakika 10 kwa siku zinatosha, na vya kusoma vipo. Soma naye mfuko wa unga, boksi la sabuni, na majina ya vituo mkiwa kwenye daladala. Khanga ya bibi inafaa sana kwa sababu ina sentensi moja kamili, lakini kumbukeni kwamba maneno yake huandikwa kwa herufi kubwa. Mtoto wa darasa la kwanza aliyezoea herufi ndogo anaweza kukwama kwenye G au R wakati g na r anazijua. Akikwama hapo, mwandikie sentensi ile ile chini kwa herufi ndogo, mwone kama ataisoma.

Kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili amepewa bahasha yenye kadi 20. Zichanganye kabla ya kila zamu. Ile anayoikosa mara tatu mfululizo, itie alama nyuma kwa kalamu, na siku ya kufungua shule bahasha irudi kwa mwalimu wa darasa. Tutaanzia kwenye hizo zenye alama.

Nawatakia safari njema na sikukuu njema.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu