Andiko la bonanza: barua kwa shoga yangu

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo na nyumba nzima? Mwanao kikohozi kimemwachia? Sisi hapa wazima, isipokuwa mama ambaye goti linamsumbua kila wingu likitanda, na wiki hii mawingu hayakosi.

Nimelisoma andiko lako la mazoezi mara mbili, la kwanza nikiwa jikoni na la pili nimetulia barazani. Kiingereza chako hakina shida kubwa, kwa hiyo nimekuachia makosa ya sarufi uyaone mwenyewe kwenye kalamu nyekundu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba swali lilitaka pendekezo la tukio la kuchangisha fedha kwa kamati ya klabu ya vijana, nawe umeandika barua ya kiserikali yenye insha tumboni mwake. Umeanza na anwani, ukaweka kile kichwa chetu cha «Yah:», ukasalimia, ukamaliza kwa «wako katika ujenzi wa taifa» kwa Kiingereza. Nilicheka peke yangu mpaka mama akauliza kuna nini.

Kumbuka mtihani wenyewe ulivyo. Katika C1 Advanced, huu mtihani wetu wa Kiingereza wa Cambridge, karatasi ya kuandika inakupa saa moja na nusu kwa maandishi mawili. La kwanza ni insha ya lazima, la pili unachagua moja kati ya maswali matatu, na kila moja ni maneno 220 hadi 260. Yaani andiko lako lina kama dakika 45, kupanga humohumo na kusahihisha humohumo. Msahihishaji anaangalia mambo manne, kila moja alama tano: umejibu ulichoulizwa, umeandika kwa namna inayomfaa msomaji huyo, umepanga vizuri, na lugha yenyewe. Salamu na anwani zimekula maneno yako arobaini bila kukupa kitu katika lolote kati ya hayo manne. Pendekezo halihitaji salamu. Linahitaji kichwa cha habari, halafu vichwa vidogo, halafu unaingia kazini.

Sasa tukio lenyewe. Ulipendekeza tamasha la muziki na msanii maarufu. Jiweke kwenye kiti cha mweka hazina wa klabu: msanii anataka malipo ya awali, jukwaa na spika kubwa ni za kukodi, kibali kinatafutwa, na fedha yote ya kuingia inategemea watu watakaojitokeza usiku huo. Mvua ikinyesha, klabu imebaki na deni. Wewe umeandika kwamba tamasha «litaleta fedha nyingi». Kamati haiwezi kupigia kura neno nyingi.

Nilikaa nikajiuliza ni tukio gani hapa kwetu linaweza kujilipia kabla halijaanza, nikafikia bonanza la soka. Hesabu niliifanya nyuma ya bahasha yako, usinisute. Timu nane, ada 40,000 kila moja, ni 320,000. Wauza mihogo, mishikaki na juisi kumi, kila mmoja 10,000 ya nafasi, ni 100,000. Hiyo ni 420,000 unayoweza kuipokea wiki nzima kabla. Matumizi nayo: waamuzi wawili 60,000, mahema na viti 120,000, spika 60,000, sanduku la huduma ya kwanza 20,000, na zawadi ya jezi 100,000. Jumla 360,000. Umeona? Kabla mtazamaji wa kwanza hajafika getini, gharama zimekwishalipwa na 60,000 imebaki. Fedha ya getini sasa ni faida tupu. Kwenye tamasha lako mambo ni kinyume: geti ndilo linalobeba mzigo wote.

Basi nikaandika mfano. Nimeuandika kwa Kiswahili makusudi, ili uone mifupa yake bila kubabaishwa na maneno, kisha wewe uuvalishe Kiingereza. Swali lako lilitaka mambo matatu: ni tukio gani, litaandaliwaje, na kwa nini watu wasio wanachama watavutiwa kuja. Angalia kila moja limekaa wapi.

PENDEKEZO LA BONANZA LA SOKA LA KUCHANGISHA FEDHA

Utangulizi
Andiko hili linapendekeza tukio litakaloiwezesha klabu kubadilisha bati za chumba cha kusomea, kazi ambayo fundi ameikadiria kuwa shilingi 350,000. Kabla ya kuliandika nilizungumza na wanachama wenzangu na manahodha wa timu za mtaani.

Tukio lenyewe
Napendekeza bonanza la timu nane, wachezaji saba kila upande, litakalofanyika Jumamosi mchana katika uwanja wa shule ya jirani. Kila timu italipa ada ya shilingi 40,000. Wauzaji kumi wa vyakula watalipia nafasi shilingi 10,000 kila mmoja, na watazamaji watalipa 1,000 getini.

Maandalizi
Ada za timu na za wauzaji zikusanywe wiki moja kabla. Fedha hizo, shilingi 420,000, zinatosha kulipia waamuzi, mahema, spika na mahitaji mengine, ambayo kwa pamoja yatagharimu 360,000. Hivyo klabu haitagusa akiba yake hata watazamaji wakiwa wachache. Uwanja ukigawanywa mara mbili, mechi zote zitamalizika kabla ya magharibi. Iwapo itanyesha, bonanza lisogezwe hadi Jumamosi inayofuata.

Kwa nini watu watakuja
Kila timu ina mashabiki wake, na wengi wao hawajawahi kuingia klabuni kwetu. Kwa wasiopenda soka kutakuwa na vyakula, kuvuta kamba, na mashindano ya kukuna nazi kwa wanaume tu, jambo ambalo hakuna jirani atakayetaka kulikosa.

Hitimisho
Wakija watazamaji 300, tutabakiwa na shilingi 360,000, zinazotosha paa lote. Wakija nusu yao, tutabakiwa na 210,000, nasi tutaanza na upande unaovuja zaidi. Naiomba kamati iidhinishe tarehe mapema ili timu zianze kulipa.

Haya, nikueleze nilichokusudia. Utangulizi una sentensi mbili tu. Ya kwanza inasema andiko ni la nini, ya pili inaonyesha sikulitoa hewani. Wewe ulitumia aya nzima kueleza umuhimu wa vijana katika jamii. Kamati ni ya klabu ya vijana, shoga! Hao ndio watu wa mwisho duniani kuhitaji kuelezwa hilo.

Takwimu zangu nilizipunguza. Bahasha ina hesabu ya kila kiti, lakini andiko lina zile tu zinazoibeba hoja moja, kwamba ada zinatangulia na zinazidi gharama. Huu ni mtihani wa lugha. Hakuna anayekupa alama kwa kutaja bei ya spika. Bei ya spika imo kichwani ili sentensi isimame imara, basi. Na ukiweka namba nyingi utakosa nafasi ya kuonyesha lugha, maana namba haina sarufi ya kuonyesha.

Lugha yenyewe sasa. Tazama ile sentensi ya mvua, na zile mbili za watazamaji 300 na nusu yao. Pale kwa Kiingereza ndipo unapoonyesha unajua masharti ya namna mbalimbali, «iwapo itatokea» na «ingetokea», bila kuyalazimisha. Halafu «zikusanywe», «lisogezwe», «iidhinishe»: Kiswahili kinatupa adabu hiyo ndani ya kitenzi, tena bure. Kiingereza hakina, ndiyo maana umeandika «lazima kamati ifanye» mara nne. Mwanachama hatoi amri kwa kamati. Tafuta namna ya kupendekeza yenye heshima kidogo, wala usiigeuze kuwa ombi la mtu anayelia. Wajumbe ni wakubwa wako klabuni lakini mnakunywa nao kahawa.

Sentensi ya nusu ya watazamaji usiifute, najua utashawishika. Ulipokuja kwangu Idi ulisema kutaja hasara ni kujiharibia. Mimi nakwambia ndiyo sentensi niliyoifikiria kuliko zote. Ukisema tu kwamba 300 watakuja, kila mjumbe atajiuliza wasipokuja je, na jibu atalitafuta mwenyewe, pengine baya kuliko ukweli. Hapo umelitoa wewe, na limegeuka kuwa mpango.

Jambo moja niliogopa, ndipo nikaandika uwanja ugawanywe. Timu nane zikicheza mtoano ni mechi saba tu, lakini timu nne zinalipa 40,000, zinacheza dakika ishirini, zinarudi nyumbani kununa. Mwakani hazitalipa. Nikazipanga katika makundi mawili ya timu nne: mechi sita kila kundi, kisha nusu fainali mbili na fainali, jumla kumi na tano. Kwa uwanja mmoja, ukihesabu dakika 25 kwa kila mechi pamoja na kubadilishana, ni zaidi ya saa sita. Wachezaji saba hawahitaji uwanja mzima, kwa hiyo makundi yanacheza sambamba, kila upande na mwamuzi wake, nusu fainali vilevile, na ukianza saa nane mchana fainali inaisha kama saa kumi na moja na dakika ishirini. Haya yote katika andiko yamekuwa sentensi moja. Ndugu yangu mmoja aliniuliza kwa nini nijisumbue hivyo kwa mtihani wa kubuni. Nilimwambia nisipojua mechi zinaisha saa ngapi, nitaandika «zitaisha kwa wakati», na maneno ya namna hiyo ndiyo yaliyojaa kwenye andiko lako.

Udhaifu wa mfano wangu ninaujua pia. Ikinyesha asubuhi ileile, mwenye mahema huenda akadai chake hata kama mmeahirisha. Kama ingekuwa klabu ya kweli, ningekubaliana naye mapema kwa maandishi. Kwa maneno 260 ya Kiingereza, ambacho hula maneno mengi kuliko Kiswahili, sikupata pa kuliweka, na nilipojaribu, sehemu ya kwa nini watu watakuja ikabaki na sentensi moja, wakati hilo ni moja ya mambo matatu yaliyoulizwa. Kuacha jambo lililoulizwa ni kosa kubwa kuliko kunyamaza kuhusu mahema.

Sasa usiutafsiri mfano huu neno kwa neno, nakujua. Funga barua, weka saa mbele yako, dakika kumi za kupanga, thelathini za kuandika, tano za kusoma tena. Badilisha tukio ukitaka. Kwenu Pangani mngeweza hata mashindano ya ngalawa, ila ujue kwanza nani atalipa kabla ya siku. Nitumie kwa dereva wa basi la asubuhi, kama kawaida, nami nitarudisha na ile mitandio ya mama yako ambayo imekaa hapa tangu arusi.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto.

Ni mimi shogayo,
wa barabara ya kumi