Kikao cha Jumamosi: mikoba ya ukili

Asalaam alaykum akina mama. Tukutane Jumamosi saa kumi na nusu, baada ya alasiri, barazani kwangu.

Nimepitia daftari la mwezi huu. Mikoba mikubwa: wageni 31 waliishika na kuisifu, 6 wakauliza bei, 2 tu wakanunua. Midogo ya mkono: 14 waliuliza, 9 wakalipa. Mmoja aliujaribu ule mkubwa kwenye begi lake la safari mbele yangu, haukuingia. Sifa zao tumezizoea, tuhesabu waliolipa.

Yule mnunuzi wa mtandaoni anataka mikoba 60, lakini arubuni hajatuma. Kwa hiyo tusichane ukindu wala kutia rangi kwa ajili yake. Akituma nusu, tunaanza.

Mje na:
1. Mkoba mdogo mmoja uliokwisha kushonwa, tuukague. Ukili uliosukwa kwa chane mbichi hulegea ukikauka, na mgeni huona mianya.
2. Shilingi 3,000 za rangi.

Bi mkubwa wa kushona, tafadhali njoo na sindano zako, za kwangu zimeliwa na kutu.

Andikeni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi usiku.