Mjomba, maneno ya chini ya ile picha

Shikamoo mjomba,

Tangu tuliposhuka botini hapa Lamu kutoka Mokowe, baada ya upasuaji wetu wa figo, wewe umeshikwa mkono na mimi natembea polepole, kila apitaye dakani kwetu ana swali. Habari iliyokuwa ikizunguka mtaani Langoni ilikuwa na mengi ambayo sisi hatukuyasema. Ndipo Mama akaniambia niweke neno kwenye ukurasa wangu, watu wajue na wapumzike. Nawe ulipoulizwa ukajibu, "Andika, lakini usinitangaze."

Niliyoyaweka Ijumaa yalikuwa mistari mitano. Wapo walioniambia ni machache mno kwa jambo kubwa kama lile, na rafiki yangu mmoja akaona nimekunyima heshima yako. Kwa hiyo nakueleza wewe, nao wasikie, jinsi yalivyofikia kuwa machache.

Nilipoandika mara ya kwanza nilianza hivi: "Nimempa mjomba wangu maisha." Nikasoma kwa sauti, peke yangu ukumbini, nikaona haya. Uhai si wangu kuutoa. Nikabadilisha: "Nimempa mjomba figo yangu." Hapo hapakuwa na uongo, lakini sentensi ilianza na mimi ikaishia na changu, na wewe ukawa katikati umekinga mikono. Ulitusomesha chuoni aya ya 264 ya Al-Baqara, kwamba sadaka isiharibiwe kwa masimbulizi wala udhia. Utotoni nilidhani masimbulizi ni maneno ya ugomvi tu, ya mtu aliyekasirika akakukumbusha alichokulisha. Siku hizi naona yanaweza kuwa maneno matamu kabisa, yenye maua na dua ndani yake. Wakisha kuyasoma watu, kila akuonaye sokoni anakumbuka kwamba umebeba kitu cha mtoto wa dada yako. Ungeishi na deni hilo machoni pa mji mzima, na mimi ndiye ningekuwa nimeliandika.

Siku ya tatu nikapata neno: tumegawana. Kugawana hakufanywi na mtu mmoja. Hakuna mtoaji aliyesimama juu wala mpokeaji aliyekaa chini, wapo wawili tu na kitu kilichokuwa cha mmoja. Ulipolisikia ulinyamaza kidogo, kisha ukasema, "Hilo liache."

Neno "amepona" nalo nililiandika nikalifuta. Ndilo watu walilotaka kulisikia, na mimi pia nililitaka. Lakini mtu aliyepewa figo hawi kama aliyepona homa, dawa hazimwachi na kliniki haimwachi. Nikiwaambia watu umepona, kisha wakakuona mwezi ujao unarudi Mokowe na begi la safari, wataanza kunong'ona kwamba figo imekataa. Nikaandika "tunaendelea kupata nafuu", sote wawili, maana ndiyo hali yetu ya leo na haiahidi ya kesho.

Kulikuwa na mstari nilioupenda sana, ule wa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali nzuri, na kwa mtu wa Lamu inakolea. Ila nikafikiria ukoo wowote wenye mgonjwa wa figo. Wapo waliokwenda kupimwa wakaambiwa haiwezekani, wapo wenye watoto wachanga, wapo walioogopa, na kuogopa ni haki yao, kwa maana jambo hili halifai kufanywa na mtu aliyesukumwa. Mimi mwenyewe kabla ya kukubaliwa niliketishwa peke yangu, bila Mama, bila wewe, nikaulizwa kama kuna aliyenilazimisha, na nikaambiwa naweza kubadili nia hata siku ile ile. Sasa binamu asome ile methali chini ya picha yangu, ajiulize: kumbe mimi sikuzaliwa nawe? Mstari ukatoka.

La michango ndilo lililonitisha zaidi. Niliandika, "Asanteni nyote mliochanga, leo mjomba ana figo yangu." Nia yangu ilikuwa shukrani mbili kwa pamoja. Dada yangu akaisoma mara moja akaniuliza, "Unajua imesomekaje?" Imesomekaje! Pesa zimetangulia, figo imefuata. Kenya kuuza au kununua kiungo cha mtu ni kosa, Sheria ya Afya ya 2017 imelikataza, na hata bila sheria wewe usingekubali. Zile pesa zilikuwa za nauli, malazi na gharama za matibabu, hakuna senti iliyokuja kwangu. Kwa hiyo shukrani za wachangaji nikazipeleka kundini kwao, pamoja na hesabu yote kama ilivyotunzwa. Chini ya picha sikutaja pesa kabisa. Hata hivyo mtu mmoja aliniuliza nimelipwa ngapi. Nilimjibu, "Si kitu cha kulipwa," sikuendelea.

Picha nazo zilikuwa tisa. Ile uliyoipenda, tunacheka siku ya kuruhusiwa, nilikuwa karibu kuiweka. Nikaikuza kwa vidole viwili, nikaona nyuma yetu mezani bahasha ya kaki, jina lako lote limesomeka, na namba ya faili chini yake. Na mkononi mwangu bado nilikuwa na ule utepe wa wodi. Nikaiacha. Nikatoka nikapiga picha makubadhi yako na yangu pale mlangoni, yamevuliwa pamoja, yako yamekwisha kisigino upande wa kushoto kama siku zote. Anayekujua amekujua, na asiyekujua hana haja.

Maneno yenyewe yakawa haya:

"Alhamdulillahi. Mimi na mjomba wangu tumerudi nyumbani Lamu.
Mungu amejaalia tumegawana figo.
Sote wawili tunaendelea kupata nafuu.
Tunawashukuru madaktari, wauguzi na kila aliyetuombea dua.
Mjomba bado anapumzika, mkitaka kumjulia hali pitieni kwa Mama."

Huo wa mwisho ndio niliohangaika nao kuliko yote, kwa sababu kwetu mgonjwa asiyetembelewa huhesabiwa ametupwa. Lakini aliyepewa kiungo hutumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili ili mwili usikikatae, na miezi ya mwanzo chumba kilichojaa watu, mmoja ana kikohozi na mwingine kambeba mtoto mwenye mafua, kinaweza kumrudisha hospitalini. Sikutaka kuwaelezea watu habari za mwili wako, wala sikutaka waone mlango umefungwa. Mama akasema, "Waelekeze kwangu." Tangu Ijumaa wanafika, wanakunywa kahawa ukumbini, wanakuletea salamu na sahani za mahamri, na wewe huko juu umelala. Bi mkubwa mmoja wa Mkomani alikaa hadi karibu na Magharibi, hakuuliza swali hata moja. Alipoinuka alinishika kichwa akanisomea, kisha akaenda zake.

Wanaouliza ni upande gani, ulianza kuumwa lini, na mimi kama nitaweza kuzaa tena, nawajibu wote sentensi moja: "Tuko vizuri, tuombeeni." Mara ya kwanza niliona kama ni ukavu. Sasa naiona inatosha, na wengi huitikia amina.

Barua hii pia Mama amekusomea kabla sijaiweka. Ulikataa mistari miwili, ule wa usiku wa kabla ya kwenda na ule wa uliloniambia tulipoamka. Yote miwili nimeitoa.