Sanamu si "sanam": barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho

Ndugu Mkurugenzi,

Tunakuandikia kuhusu vibao vya maelezo vinavyotafsiriwa kutoka Kiswahili kwenda Kiarabu. Makosa ya sarufi si tatizo kubwa, kwani msahihishaji yeyote atayaona. Yanayopenya ni maneno yaliyo sahihi katika kamusi lakini si sahihi kwenye kibao, na sisi waandishi wa Kiswahili tuko hatarini zaidi kwa sababu lugha yetu imekopa sana kutoka Kiarabu. Neno likifanana, mkono huliandika kabla akili haijauliza.

Chukua kibao kifupi: "Sanamu ya Ramsesi wa Pili, kutoka hekaluni." Mfasiri wa haraka ataandika "sanam" na "haykal". Kwa Mwarabu, "sanam" ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu, yaani neno la kulaani. Hivyo picha ya mfalme iliyochongwa kwenye jiwe imegeuzwa kuwa mungu wa kuchongwa, na msomaji atahisi makumbusho yanahukumu badala ya kueleza. Neno la kazi ni "timthal". "Haykal" nayo ina maana ya hekalu, ila pia ni kiunzi, na hutumika kwa mifupa ya mwili mzima. Katika ukumbi wenye mifupa ya wanyama, mgeni atatafuta mifupa. Hekalu la Misri ya kale huitwa "maabad". Kwa hiyo tunaandika: "timthal Ramsis al-thani, min al-maabad". Hata "athari" ina mtego wake: kwetu ni matokeo ya jambo, ilhali kwenye vibao vya Kiarabu "athar" ndiyo mabaki ya kale yenyewe.

Linalotusumbua zaidi ni kitenzi "kuteka". Kiswahili kinatosheka nacho kwa mji wowote na mtekaji yeyote, lakini Kiarabu hulazimisha mwandishi achague upande. "Fat-h", kwa asili ufunguzi, humsifu mtekaji. Ndivyo Waarabu wanavyoita kutekwa kwa Kostantinopoli mwaka 1453. "Suqut", yaani kuanguka, humwonea huruma aliyetekwa. Ndivyo wasemavyo juu ya Baghdad ya mwaka 1258, mbele ya Wamongolia, na Granada ya mwaka 1492. "Ghazw" leo husomeka kama uvamizi, na "ihtilal" ni ukaliaji wa kigeni, neno lenye moto wa siasa za sasa. Ukiandika "fat-h" kwa Wamongolia wa Baghdad, msomaji ataudhika, na ukiandika "ihtilal" kwa Kostantinopoli, atadhani kibao kina ugomvi na mtu. Ushauri wetu ni "istila ala", yaani kushika mamlaka juu ya mji, katika maelezo yote ya kawaida. "Fat-h" ibaki pale tu inapokuwa sehemu ya jina la tukio lililokwisha zoeleka. Kibao kimoja kisichanganye maneno mawili kwa tukio moja.

Watu waliotumikishwa nao wanahitaji uangalifu. "Abd" ni mtumwa, lakini katika mazungumzo ya leo hutupiwa watu weusi kama tusi. Andika "mustaabad", mtu aliyetiwa utumwani, na biashara yenyewe iite "tijarat al-raqiq". "Mamluk" iachiwe askari wa asili ya utumwa, waliofikia hadi kutawala Misri na Shamu.

Upande wa lugha ya maagizo, "Usiguse" ikigeuzwa moja kwa moja kuwa "la talmis" inamkemea mwanamume mmoja. Kibao kinachoheshimu wageni wote husema "yurja adam al-lams": inaombwa kutogusa. "Mamnu" iwekwe panapokuwa na hatari au katazo la sheria tu, la sivyo haitasikika itakapohitajika.

Miaka iandikwe kwa Hijria na Miladia pamoja, kama 656 na 1258 kwa Baghdad. Mwaka mmoja wa Miladia hugusa zaidi ya mmoja wa Hijria, kwa hiyo usibadilishe kwa kikokotozi peke yake pale mwezi usipojulikana. Weka miaka miwili ya Hijria yenye mkwaju katikati.

Tunaomba uidhinishe orodha ya istilahi isiyozidi kurasa mbili, itiwe saini na mwanahistoria pamoja na mfasiri, kabla kibao cha kwanza hakijachapwa. Kisha kila tafsiri isomwe kwa sauti na msomaji wa Kiarabu ambaye hajaona matini ya Kiswahili. Aulizwe swali moja tu: mwandishi yuko upande wa nani? Akiweza kujibu, kibao kirudi mezani. Mwishowe, mkague nakala ya mchapishaji katika muundo wa picha. Programu isiyojua Kiarabu huachanisha herufi na kuzipanga kinyume, na kosa hilo halionekani kwa asiyesoma lugha hiyo.

Wako katika kazi,
Wafasiri wa maelezo ya makumbusho