Ukurasa mmoja ni shilingi ngapi?

Moshi, Jumapili usiku

Aneth mpendwa,

Mama mpe shikamoo yangu, na watoto wasalimie. Huku hatujambo, ila mvua haikatiki na mlima hatujauona tangu Jumatano. Najua ni miezi mitatu sijakuandikia. Utanigombeza tukionana, leo naomba unisikilize kwanza, maana kesho saa nne asubuhi natakiwa kutuma profoma na mkono unasita.

Kuna kampuni ya Arusha inayopandisha watalii mlimani. Ijumaa meneja wao alinipigia, hata salamu hazijaisha akaniuliza, “Dada, ukurasa mmoja unatafsiri shilingi ngapi? Steshenari ya hapa chini wanafanya elfu kumi.” Nikamwambia anitumie kwanza mafaili. Yamekuja matatu: mwongozo wa usalama wa wapagazi, kurasa 14, mkataba wa ajira, kurasa 3 tu, na maelezo ya waongozaji kuhusu ajali moja, yameandikwa kwa mkono na kupigwa picha kwa simu, kurasa 11. Mawili ya kwanza yatoke Kiingereza kwenda Kiswahili, la tatu lirudi Kiingereza kwa ajili ya watu wa bima.

Sasa tazama hizo kurasa 3 za mkataba. Herufi ndogo kama sisimizi, maneno 1,800 kamili. Kwa bei ya steshenari ni shilingi 30,000. Huo mkataba utanikalisha siku moja na nusu!

Siku hizi ugumu siukisii. Nimechukua maneno 250 katikati ya mwongozo nikatafsiri huku natazama saa: dakika 45. Nikachukua 250 ya mkataba: saa moja na robo. Mimi kichwa changu kinatafsiri vizuri saa 6 kwa siku, zaidi ya hapo naanza kuandika upuuzi. Kwa hiyo mwongozo ni maneno 2,000 kwa siku, mkataba 1,200. Siku yangu nimeipa thamani ya shilingi 150,000, humo ndani umeme, bando, na zile siku ambazo simu hailii. Ukigawanya, neno la mwongozo ni shilingi 75, la mkataba ni 125. Meneja akiuliza kwa nini bei mbili, nitamwambia habari za saa, hilo analielewa. Nikimweleza kwamba Kiingereza cha mkataba kina maneno matatu tofauti ambayo kwetu yote mkono unakimbilia “fidia”, na kila moja lina matokeo yake mpagazi akivunjika mguu, atadhani natafuta sababu. Wewe uliyekaa mahakamani unanielewa.

Kuhesabu nako kulitaka kuniponza. Word ilinionyesha maneno 4,760 kwenye mwongozo nikaridhika, mpaka nilipoona yale maonyo ya pembeni yamekaa kwenye visanduku. Nikafungua dirisha la hesabu, kumbe “Include textboxes, footnotes and endnotes” haikuwa na tiki. Kuitia tiki, yakawa 5,200. Maneno 440 ningeyafanya bure. Ila niwe mkweli, ndani ya hayo 5,200 kuna kama 900 ambayo ni sentensi zilezile zinajirudia, kunywa maji, shuka ukiumwa kichwa. Hizo namtoza shilingi 25 badala ya 75, maana bado lazima nizisome nione zimekaa vizuri pale zilipo. Mwongozo unatoka 345,000 na mkataba 225,000.

Linaloninyima usingizi ni hayo maelezo ya waongozaji. Unakumbuka ile kazi ya mwaka jana, ya yule mteja ambaye Baba Joan alisema nisimtaje tena mezani? Nilimpa bei moja kwa pande zote mbili, kwa neno la matini asilia, kama ninavyofanya siku zote ili mteja ajue gharama kabla sijaanza. Kiswahili kilikuwa maneno 3,000. Nilipomaliza, Kiingereza kikawa 4,050. Nimeandika maneno 1,050 ambayo hakuna aliyenilipa. Na kosa ni langu, sikukaa nikafikiri: “hatutawalipa” ni neno moja kwetu, Kiingereza wanatumia matano. Ukitoka Kiingereza kuhesabu asilia kunakulinda, ukitoka Kiswahili kunakukata.

Safari hii nimefanya hivi. Picha hazihesabiki kwa mashine, kwa hiyo nimehesabu kurasa 3 kwa kidole, moja imejaa, moja ya wastani, moja nusu, nikapata wastani wa maneno 130. Mara 11 ni 1,430. Nimechukua ile 75 nikaizidisha kwa 1.35, uwiano uleule wa mwaka jana, ikatoka 101, nikaandika 100. Jumla 143,000. Nimeandika pia kwamba hii ni makadirio, hesabu kamili nitaifanya nikishayachapa. Lakini kuyachapa kwenyewe je? Kuna mwongozaji mmoja mwandiko wake ni kama kuku kapita kwenye majivu. Hilo sijaliweka popote.

Yote pamoja 713,000. Kampuni itakata kodi ya zuio asilimia 5 kabla ya kulipa, kwa hiyo ya mkononi itapungua, nami nitadai cheti chake.

Sasa njoo kwenye siku. Anataka Ijumaa hii. Mwongozo ni siku mbili na kidogo, mkataba moja na nusu, maelezo moja: siku tano za kazi, na ya sita ya msomaji wa pili. Hata kile kiwango cha kimataifa cha tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka mtu wa pili aipitie tafsiri akiwa na matini zote mbili mbele yake. Nikianza Jumanne, Ijumaa ni siku ya nne. Haiingii, hata nikikesha. Kwa hiyo nitampa bei mbili achague: Jumatano ya wiki ijayo kwa 713,000, au Ijumaa kwa nyongeza ya asilimia 30, yaani 926,900. Siku zinaanza kuhesabiwa akishalipa kianzio cha asilimia 40 na mafaili yakiwa ya mwisho, siyo yale ya “subiri dada, bosi amebadilisha kidogo”.

Nyongeza hiyo si faini ya haraka. Ni ya kukulipa wewe. Akichagua Ijumaa, nataka mkataba uuchukue wote: 1,800 kwa shilingi 162.50, ni 292,500 yako. Mimi nibaki na mwongozo na maelezo, na Jumatatu jioni tukubaliane maneno kama ishirini hivi ya kutumia sote, isije kwangu ikawa “mpagazi” na kwako “mchukuzi”.

Utaweza wiki hii, au bado uko na zile kazi za Dodoma? Akichagua Jumatano, utanisomea yote, na kusoma unatoza kwa neno au kwa saa? Nimegundua hela ya msomaji sijaiweka kwenye 713,000, niiongeze kama mstari wake au nipandishe tu bei ya neno? Kuchapa mwandiko wewe ungetoza? Na 125 kwa mkataba unaionaje, nimejipunja? Nijibu kabla ya saa nne, hata kwa sauti.

Mama Kelvin anakusalimu. Anauliza lini unaleta lile sufuria.

Wako,
Happy